Linki ya wasap au orodha ya ofisini: kisa cha utafiti mdogo wa stresi chuoni

Hiki ni kisa cha kweli cha kampasi moja ndogo hapa Tanzania. Jina la chuo, kozi na wahusika nimeyatoa, na idadi nimezizungusha kidogo ili wasijulikane, ila mahesabu yenyewe yanakaa vilevile. Mimi niliingia kama mtu wa kuwasaidia upande wa takwimu, kwa hiyo sehemu ya makosa ni yangu pia, na nitayasema yakifika.

Mazingira

Wanafunzi wanne wa mwaka wa tatu, utafiti wa kumalizia shahada, mada ni stresi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza pale kampasi. Jumla yao ni 1,200: mwaka wa kwanza 480, wa pili 400, wa tatu 320. Muda waliobakiwa nao ni kama wiki nane hivi, na hela ni ile ya kuchangishana, nauli na vocha basi.

Kipimo walichochagua ni PSS-10, dodoso la kupima mtu mwenyewe anavyoihisi stresi yake, kile cha Sheldon Cohen na wenzake, ambacho kilitoka 1983 kikiwa na maswali 14 na baadaye kikapunguzwa yakawa 10. Kinauliza ndani ya mwezi uliopita umejisikiaje, kila swali lina alama 0 mpaka 4, kwa hiyo mtu anapata kati ya 0 na 40. Watu wengi wanahesabu 27 kwenda juu kuwa ni stresi kubwa, japo kiukweli hicho sio kipimo cha ugonjwa, ni namna ya kupanga alama tu, na hili tulilisema kwenye ripoti kabla ya namba yoyote.

Kwenye sura ya tatu ya pendekezo lao walikuwa wameandika kitu ambacho nimekiona kwenye ripoti nyingi mno. Aya ya kwanza wamepiga fomula ya Yamane ya kutafuta ukubwa wa sampuli, ambapo N ni watu wote, e ni kiwango cha kukosea na n ni wangapi wa kuwahoji:

```
n = N / (1 + N·e²)
n = 1200 / (1 + 1200 × 0.05²) = 1200 / 4 = 300
```

Halafu aya inayofuata wanasema dodoso "litasambazwa kwa nasibu kupitia magrupu ya wasap". Hapo ndipo kisa chote kilipoanzia, ila kwa wakati ule hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwemo. Nilisoma, nikaona 300, nikasema poa.

Kilichotokea kwanza

Jumatatu usiku kiongozi wa kundi akatengeneza Google Forms, akaipa kichwa "Una stresi ya chuo? Tuambie", akairusha. Yeye mwenyewe alishawahi kuwa CR, yaani kiongozi wa darasa, na rafiki yake mkubwa ni CR wa kozi moja kubwa ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo linki ilipokelewa vizuri sana huko. Ilikuwa wiki ya testi, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, lilikuwa bado halijaingia. Mpaka Alhamisi wakawa na majibu 214, wakafurahi kweli, wakanitumia eksel nzima na ujumbe "mkuu bado 86 tu tumalize".

Wastani wa alama ulikuwa 24.9. Waliofika 27 na kuendelea walikuwa 89, yaani karibu asilimia 42. Tayari mmoja wao alishaandika sentensi ya muhtasari: asilimia 42 ya wanafunzi wa kampasi wana stresi kubwa. Na kiongozi mmoja wa serikali ya wanafunzi alishaiona hiyo sentensi kwenye simu ya mtu akaanza kuiulizia.

Wakaenda kwa msimamizi. Mama yule sio mtu wa maneno mengi. Aliangalia karatasi akasema, "Sawa wanangu, hawa 214 ni kina nani?"

Wakajibu ni wanafunzi.

"Wanafunzi gani? Mwaka wa pili wako wangapi humu?"

Wakafungua eksel pale pale mezani wakahesabu. Mwaka wa kwanza 131, mwaka wa tatu 55, mwaka wa pili 28. Yaani mwaka wa pili ambao ni theluthi moja ya kampasi wamekuwa 28 kati ya 214, na mwaka wa kwanza wamejaza asilimia 61 wakati kihalali wako asilimia 40. Mwaka wa pili hawakuwa na mtu wa kuisukuma linki, ndio sababu pekee.

Kisha akauliza swali la pili ambalo ndilo lililoua kabisa: "Aliyeiona linki akaiacha, alikuwa na stresi kiasi gani?" Hakuna aliyejua, na hakuna namna ya kujua, kwa sababu hatujui hata linki iliwafikia wangapi, nani alijaza mara mbili, na kama kuna binamu wa mtu wa chuo kingine kajaza kwa kuburudika tu.

Kujaribu kuiokoa ile data

Walivyorudi kwangu nilishauri kitu ambacho wengi wanakishauri: tuwape uzito. Yaani tuchukue wastani wa kila mwaka peke yake halafu tuujumlishe kwa idadi halisi ya kampasi, mwaka wa kwanza asilimia 40, wa pili 33 na kitu, wa tatu 27 hivi. Wastani ulikuwa 25 kwa mwaka wa kwanza, 22 kwa wa pili, 26 kwa wa tatu. Ukipiga hiyo hesabu unapata 24.3.

Kutoka 24.9 mpaka 24.3. Hamna kitu hapo.

Na hiyo ndiyo ilinifungua macho. Uzito unatibu mgawanyo wa miaka, hautibu sababu ya mtu kubonyeza. Wale 28 wa mwaka wa pili ukiwapandisha wawakilishe 400, bado ni wale 28 waliovutwa na kichwa cha habari kinachouliza kama una stresi. Mtu aliyetulia zake usiku anaangalia mpira hafungui fomu ya namna hiyo, na mtu aliyezidiwa kabisa hadi amezima data naye hafungui, ingawa kwa kundi letu ilionekana hao wa kwanza ndio wengi.

Maamuzi na kwa nini

Tulikaa jioni moja kantini tukaweka njia tatu mezani.

Ya kwanza, kubaki na linki na kuandika kwa unyenyekevu: "miongoni mwa 214 waliojibu". Hii ni halali kabisa na ina watu wanaoidharau bure. Kama swali lako ni wanafunzi wanaelezeaje stresi, au dodoso la Kiswahili linaeleweka, au unataka kupata watu wa kuongea nao, sampuli isiyo nasibu inakutosha na inakuokolea muda. Tatizo ni kwamba lengo lao namba moja lilisomeka "kubaini kiwango cha stresi kwa wanafunzi wa kampasi", na neno kiwango kwa wanafunzi wa kampasi linadai uwe na haki ya kuongea kwa niaba ya 1,200, ambayo linki haikupi hata ikileta elfu moja.

Ya pili, kwenda kugawa karatasi maktaba na kantini. Wenyewe waliiita nasibu. Sio nasibu. Nasibu maana yake kila mmoja kati ya wale 1,200 ana nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na aliyekaa getto kilomita sita huko ambaye anakuja kwa vipindi tu na kuondoka nafasi yake ya kukutwa kantini saa saba ni ndogo, na huyo huyo anayepanga getto mara nyingi ndiye mwenye presha ya kodi. Kumpa karatasi yeyote unayekutana naye ni kubahatisha, na kubahatisha kwa mchaguaji huwa kunaangukia rafiki, mtu mwenye sura ya upole, na aliyekaa karibu na mlango.

Ya tatu, kuchukua orodha ya waliosajiliwa na kuchota humo kwa nasibu. Hii ndiyo tuliichagua kwa lengo namba moja, na linki tukaiacha hai kwa kazi nyingine.

Swali lililofuata ni wangapi. Fomula ilisema 300, lakini fomula ya Yamane inachukulia kwamba umechota kwa nasibu na kwamba karibu wote uliowachota watajibu, na kiwango cha kukosea cha asilimia 5 umekichagua wewe, haukuletewa na Mungu. Kikundi cha watu wanne kufukuzia watu 300 kwa wiki tatu ni kujidanganya, mngepata 130 na 170 wangepotea. Tukaamua 120, kila mmoja afuate watu 30, mmoja mmoja, mpaka mwisho. Kwa hesabu ya kawaida watu 120 kati ya 1,200 wanakupa asilimia yenye kuyumba kama 8 na nusu juu na chini wote wakijibu. Ni pana, ila ni upana unaoujua.

Msimamizi alikubali kwa sharti moja: sura ya tatu iandikwe upya, ile 300 itolewe, na ielezwe wazi kwamba 120 ilitokana na uwezo wa kufuatilia.

Orodha, bahasha na namba saba

Ofisi ya usajili ilikataa kutoa majina, na walikuwa na haki, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na mada yenyewe ni stresi, sio idadi ya wanaokula chipsi. Baada ya barua ya msimamizi na kibali cha utafiti tukaelewana hivi: orodha inabaki kwa afisa, sisi tunaleta utaratibu wa kuchota, yeye anachota, anawatumia waliochaguliwa ujumbe wa kuwaomba ridhaa, na anayekubali au anayekaa kimya ndiye tunapewa namba yake ya simu. Anayesema hapana jina lake hatulioni.

Orodha ilikuwa imepangwa kwa mwaka, ndani ya mwaka kwa kozi, ndani ya kozi kwa namba ya usajili. Hii ni zawadi, kwa sababu ukiruka kwa hatua sawa unagusa kila kozi bila kuhangaika. 1,200 kugawa kwa 120 ni 10, kwa hiyo kila wa kumi. Mwaka wa kwanza wanatoka 48, wa pili 40, wa tatu 32, sawa na ukubwa wao. Tuliangalia kwanza kama orodha ina mzunguko wowote, mfano mwanaume mwanamke mwanaume mwanamke, maana hapo ukiruka kwa kumi unaweza ukaondoka na jinsia moja tupu. Haikuwa nao.

Kilichobaki ni pa kuanzia, namba kati ya 1 na 10. Kijana mmoja akaandika kwenye eksel `=RANDBETWEEN(1,10)` ikaja 3. Afisa akasema subiri niandike, kijana akagusa seli nyingine, ikawa 9. Fomula hiyo inajihesabu upya kila ukibadilisha kitu kwenye karatasi, na kama hujainakili thamani yake tayari umepoteza ushahidi, na mbaya zaidi unaweza ukaendelea kugusa mpaka ikupe namba unayoipenda. Afisa alicheka, akakata vikaratasi kumi, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akamwita dada wa mapokezi achomoe kimoja. Ikatoka 7. Wa 7, wa 17, wa 27, mpaka wa 1,197. Hiyo bahasha ipo kwenye kiambatisho cha ripoti, imepigwa picha.

Kufukuzia watu

Kanuni ilikuwa moja na tuliiandika ukutani: aliyechaguliwa hana mbadala. Hayupo, unarudi kesho. Inaonekana ni ukali usio na maana mpaka uione inavyovunjwa. Siku ya nne mmoja wetu alikwenda hosteli, aliyemtaka hayupo, mwenzake wa chumba akasema "nipe mi nijaze, sisi wote ni wamoja", akampa. Akafanya hivyo mara mbili. Tuligundua kwa sababu mwaka wa masomo uliojazwa haukufanana na wa kwenye orodha. Karatasi zote mbili zikatolewa na wenyewe wakatafutwa upya. Aliyebaki chumbani saa nne asubuhi na aliyetoka sio mtu mmoja, hasa kwenye mambo ya stresi.

Kila karatasi ilikuwa na namba ya siri badala ya jina, inajazwa na mtu mwenyewe, inafungwa kwenye bahasha. Karatasi ya kuunganisha namba hiyo ya siri na simu alikaa nayo mtu mmoja tu na ilichanwa mwisho wa kazi. Kila aliyejaza aliachiwa maelekezo ya ofisi ya ushauri nasaha, ajisikie vizuri au vibaya, ili kupewa kile kikaratasi kusiwe kama hukumu.

Wiki ya kwanza walijibu 61. Hapo ndipo watu huwa wanaacha, wanasema nusu inatosha. Tukaendelea wiki mbili zaidi, simu tatu kwa kila mmoja kwa nyakati tofauti, kumsubiri mlangoni baada ya kipindi, na wakaongezeka 37. Jumla 98 kati ya 120. Kwa miaka ni 41, 33 na 24. Katika 22 waliobaki, watatu walikataa, watano ofisi ilikuja kugundua kwamba walishaahirisha masomo ila orodha ilikuwa haijasafishwa, na 14 hatukuwapata kabisa.

Matokeo

Wastani wa wale 98, ukishaweka miaka kwa uwiano wake, ulikuwa 20.2, na kwa kuyumba kwa sampuli ya ukubwa huo tunasema uko kati ya kama 19 na 21 na nusu. Wenye 27 na kuendelea walikuwa 17, yaani asilimia 17, kuyumba kwake ni kutoka 10 mpaka 24 hivi.

Kwa hiyo asilimia 42 imekuwa 17. Kundi lile liliduwaa. Mmoja alinyong'onyea kabisa, akasema sasa si itaonekana hakuna tatizo. Nikamwambia asilimia 17 ya 1,200 ni watu kama mia mbili, na mia mbili hao unaweza kuwatetea mbele ya mtu yeyote.

Uchambuzi

Jambo la kwanza ambalo msomaji mkali atauliza ni muda. Linki ilienda wiki ya testi kabla ya bumu, karatasi zilizunguka wiki tatu baadaye na bumu lilikuwa limeshaingia. Labda watu walitulia tu, sampuli haina kesi? Hili lilinikosesha raha, na tulichokuwa nacho ni swali moja ambalo msimamizi alitulazimisha kuliongeza mwishoni mwa karatasi: uliwahi kujaza linki yetu ya mwanzo? Kati ya 98, waliosema ndiyo ni 19. Wastani wao, kwenye karatasi hii hii, wiki hizi hizi, ulikuwa 23.6. Wale 79 ambao hawakuijaza walikuwa na 19.3. Muda uleule, kipimo kilekile, tofauti ya pointi nne na kidogo. Watu 19 ni wachache na sitaki kuwabebesha mzigo mkubwa, ila mwelekeo uko wazi: sehemu kubwa ya ile tofauti ilitokana na nani alibonyeza, na bumu likachangia kidogo juu yake.

La pili ni kufukuzia. Wale 61 wa wiki ya kwanza wastani wao ulikuwa 21.4, na 37 waliopatikana kwa kusumbuliwa ulikuwa 18.1. Maana yake hata baada ya kuchota kwa nasibu safi na bahasha na mashahidi, tungeacha wiki ya kwanza tungekuwa tumerudi kama robo ya njia kuelekea kosa la linki, kwa sababu mwenye la kusema anajibu mapema. Watu wanafikiri unasibu unaupata pale ofisini ukishachomoa karatasi. Pale unapata orodha tu, na kila asiyejibu anaibomoa kidogo. Kama nina siku kumi nikaulizwa nizitumie kuongeza majina au kufuata walewale waliokwisha chaguliwa, nafuata walewale.

La tatu, na hili napenda kulifanya kwa utafiti wowote mdogo kwa sababu halihitaji programu, ni kuwajaza wasiojibu kwa mawazo mabaya kabisa. Chukua 22 wote ambao hatuna, wafanye wote wana stresi kubwa: 17 na 22 ni 39, kati ya 120, asilimia 32 na nusu. Wafanye wote hawana: 17 kati ya 120, asilimia 14. Kwa hiyo ndani ya watu tuliowachota jibu haliwezi kutoka nje ya 14 na 32 na nusu, na hata ile ya juu kabisa haifiki 42. Fanya hesabu hiyo kwa linki uone. Huwezi, kwa sababu hujui wasiojibu ni wangapi. Mimi kwangu hiyo ndiyo tofauti ya vitendo kati ya njia hizi mbili: zote zinakosea, ila moja inakupa mahali pa kupimia kosa lake.

Nisiifanye linki ionekane takataka lakini. Ilitupa vitu viwili ambavyo nasibu isingetupa. Kwanza ilitufichulia ubovu wa dodoso. PSS-10 ina maswali manne, la 4, la 5, la 7 na la 8, ambayo yamekaa kwa upande mzuri na alama zake zinageuzwa. Kwenye data ya linki tuliona watu wanaotiki safu moja kuanzia juu mpaka chini, kitu ambacho ni vigumu kutokea kama mtu amesoma, na tukiwauliza walisema tafsiri ya maswali yale manne ilikuwa inachanganya. Yakaandikwa upya kabla ya karatasi kuanza. Hii nayo ina gharama yake, kwa sababu sasa dodoso la linki na la karatasi sio lilelile kabisa, na sehemu ya tofauti ya wastani inaweza kuwa imejificha humo. Ndiyo maana ninauamini zaidi ule ulinganisho wa 19 na 79, ambao wote walijaza karatasi moja.

Pili ilitupa watu wa kuongea. Mwisho wa linki kulikuwa na "uko tayari tuongee?" na 23 waliacha namba zao. Tukachagua wanane kwa makusudi, sio kwa nasibu: wa getto na wa hosteli, mwenye sapu, aliyekosa mkopo wa bodi, mama wa mtoto mmoja, na kadhalika. Hapo hutafuti asilimia, unatafuta namna mambo yanavyokwenda, na mama yule alitueleza kwa nini testi ya saa moja asubuhi ni tatizo tofauti kabisa kwake kuliko kwa aliye hosteli. Ukichota wanane kwa nasibu kutoka kampasi nzima unaweza usimpate mtu wa namna hiyo hata mmoja. Kwenye ripoti sehemu hiyo haina asilimia hata moja, tuliifuta kila ilipochungulia.

Kosa langu mimi ni lile la mwanzo, kuona 300 na kunyamaza. Fomula ya ukubwa wa sampuli inaipa ripoti sura ya kisayansi, na msomaji akishaona mabano na kipeo cha pili anaacha kuuliza watu wamepatikanaje. Kama wangefika majibu 300 kwa linki, nahisi hata msimamizi asingekuwa na nguvu ya kuwarudisha.

Na yale ambayo hayakukaa sawa mpaka mwisho yapo. Wale watano walioahirisha masomo tuliwahesabu kama wasiojibu kwa sababu walikuwa kwenye orodha tulipochota, japo unaweza kubishana kwamba hawakuwa sehemu ya kampasi, na inawezekana kabisa kuna mmoja aliyeondoka kwa ajili ya kitu hiki hiki tulichokuwa tunakipima. Utafiti wa waliopo hauwaoni walioshindwa kubaki, hata uchote vizuri namna gani. Kwa mwaka wa tatu pia tulipata 24 kati ya 32, kiasi kwamba wastani wao wa 22 tuliuweka kwenye jedwali na kukataa kuulinganisha na miaka mingine, ingawa kila aliyesoma rasimu alitaka tuseme mwaka wa tatu ndio wanateseka zaidi.

Yule kiongozi wa serikali ya wanafunzi alirudi baada ya wiki moja kuiulizia ile 42. Kiongozi wa kundi akampa ukurasa wenye 17, akamwonesha na ile 10 mpaka 24. Akauliza kama hawezi kutumia zote mbili, akaambiwa anaweza, mradi chini ya 42 aandike "waliojibu linki ya wasap wiki ya testi". Akachukua 17.